Msaada: ushuru wa mtumba umezidi 35% ya invoisi, bandari ya Tanga. Wakala katupiga?

BintiMgandini · Machi 2021

Wakuu salaam, na shikamoo kwa wanaostahili.

Sisi ni watu wanne tunaouza mtumba. Wawili tuko Tangamano hapa Tanga, mmoja anapeleka Korogwe na mmoja Lushoto. Siku zote tunanunua mabelo kwa watu wa Dar. Safari hii tumechanga tukaagiza kontena letu wenyewe la futi 40, likashushwa bandari ya Tanga, wakala akalipia na mzigo umeshatoka. Sasa tunagawana gharama, na maneno yameanzia hapo, maana mimi ndiye nilishika karatasi.

Invoisi inasema mabelo 540 ya kilo 45, jumla kilo 24,300, bei moja kwa kilo zote. FOB, yaani bei ya mzigo kabla ya nauli, dola 19,440, nauli ya meli 3,000, bima 160. CIF, yaani hivyo vitatu kwa pamoja, ni 22,600.

Ushuru wa mtumba kila mtu anajua ni 35%. Nikipiga 35% ya 22,600 napata 7,910. Kwenye tamko la forodha, ile TANSAD, mstari wa ushuru ukiugeuza kwa dola unakuja 9,720. Hiyo ni dola 1,810 juu. Nimegeuza kwa kiwango kilekile kilichochapwa kwenye tamko, sikutumia cha duka la fedha, kwa hiyo kosa haliko hapo.

Mistari mingine: tozo ya reli 339, ada ya huduma ya forodha 116.64. Ya VAT sina, wakala alituma picha na ukingo umekatwa. Nikimuuliza ananijibu "dada, mfumo ndio umekokotoa". Wenzangu wanasema nimeuzwa. Nisomeeni hizi karatasi.

KijanaWaRaskazone

Hapo hamna wakala wala nini. Mmepandishiwa thamani. Forodha wana bei zao kwenye mfumo. Ukileta invoisi ya chini wanaiweka pembeni na kutumia ya kwao. 9,720 gawanya kwa 0.35 unapata kama 27,771. Maana yake wameona mzigo wenu una thamani ya dola 27,771, siyo 22,600. Mimi ilinikuta kwenye gari. Andika barua upinge.

MzeeKapu

Binti, kontena lilikaa bandarini muda gani baada ya kushushwa? Hizo zinazozidi mara nyingi ni za kuhifadhi, siku za bure zikiisha bandari wanahesabu kila siku, na mwenye meli naye anataka chake cha kontena. Muulize wakala risiti za bandari.

BintiMgandini

Mzee wangu, za bandari ziko kwenye karatasi nyingine na risiti ninazo. Hii nayouliza iko ndani ya tamko lenyewe, mstari wa ushuru wa forodha.

MzeeKapu

Basi sawa. Ila za bandari nazo zikague.

ForodhaniZamani

Dada, kabla hujamshika mtu shati, naomba vitu viwili. Kwanza, namba ya HS iliyoandikwa kwenye tamko, ile yenye tarakimu nane. Pili, thamani ya forodha iliyoandikwa kwenye mstari huohuo wa bidhaa. Usinipe ya invoisi, nataka ya tamko.

BintiMgandini

Namba ni 6309.00.00. Mstari ni mmoja tu kwa mzigo wote, umeandikwa nguo zilizokwishavaliwa, kiasi KG 24,300. Thamani ya forodha ukiigeuza ni 22,600 kamili.

ForodhaniZamani

Ahsante. Basi tuzisome karatasi mbili pamoja.

Invoisi na tamko vinasema kitu kimoja: FOB ileile, nauli ileile, bima ileile. Kijana wa Raskazone kagawanya vizuri ila kahitimisha vibaya. Wangekuwa wamepandisha thamani, kwenye tamko ungeiona 27,771. Wewe umeisoma mwenyewe, ni 22,600. Ushahidi mwingine ni mstari wa reli. Tozo ya reli kwa mwaka huu wa 2021 ni 1.5% ya CIF. 1.5% ya 22,600 ni 339, ndiyo hiyo uliyolipa. Thamani ingepanda, reli nayo ingepanda mpaka kwenye 416. Na 116.64 ni 0.6% ya FOB 19,440. Kwa hiyo hakuna aliyegusa thamani yako, na mistari miwili midogo inathibitisha.

Sasa ushuru wenyewe. Kwenye kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, bidhaa nyingi zina asilimia peke yake. Mtumba ukitafuta 6309.00.00 utakuta kiwango chenye pande mbili: 35% ya thamani, au senti 40 za dola kwa kila kilo, na inachukuliwa iliyo kubwa. Watu sokoni wanakumbuka upande wa kwanza tu kwa sababu ndio unaotajwa.

Chukua kilo zako 24,300 zidisha kwa 0.40. Unapata 9,720. Hiyo ndiyo namba yako mpaka senti ya mwisho.

Wakala hajala hapo. Amejibu kivivu, lakini kweli mfumo umekokotoa.

BintiMgandini

Mungu wangu. Kwa hiyo nimetukana mtu bure.

Lakini inakuwaje sasa, 35% tunalipa lini?

ForodhaniZamani

Mnalipa 35% pale kilo moja inapokuwa na thamani kubwa. Gawanya 0.40 kwa 0.35, inakuja dola 1.14 na kidogo. CIF ya kilo ikiwa chini ya hapo, mnalipa kwa uzito. Ikiwa juu, mnalipa kwa asilimia. Yenu ni 22,600 gawanya kwa 24,300, senti 93. Mko chini, ndiyo maana uzito umeshinda. Ukitaka kujua kwa asilimia umelipa ngapi, ni 43% ya thamani.

Hiyo 27,771 aliyoipata kijana ni hesabu hiyohiyo, yaani thamani ambayo kontena lako lingefikia ndipo pande mbili zilingane.

KijanaWaRaskazone

Hiyo sikuijua, nimekubali. Lakini msije mkasema hawapandishi thamani. Wanapandisha.

ForodhaniZamani

Wanapandisha, na sheria inawapa njia ya kufanya hivyo. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 122 pamoja na jedwali la nne, inaanza na bei uliyolipa kweli. Wakiwa na sababu ya kuitilia shaka na wewe huna cha kuthibitisha, wanahamia kwenye bei ya bidhaa ileile iliyoingia karibuni, kisha bidhaa inayofanana, na kuendelea kushuka ngazi kwa mpangilio. Hawaruki ngazi. Ndiyo maana risiti ya benki uliyomtumia muuzaji ina nguvu kuliko invoisi, invoisi hata wewe unaweza kuichapa.

Kwenye mtumba kupandishwa thamani kuna sura yake. Tuseme wangewapandishia mpaka 26,000. Ushuru ungebaki 9,720 palepale, kwa sababu 35% ya 26,000 ni 9,100, bado uzito unashinda. Ambacho kingepanda ni reli, dola 51, na VAT, angalau 612. Kwa hiyo ukipigana kuhusu thamani ya mtumba, jua unapigania VAT.

Chapakazi_Muheza

Ina maana hata ukiandikiwa invoisi ndogo haisaidii? Maana kuna muuzaji ananiambia atanishushia mpaka 15,000.

ForodhaniZamani

Ushuru hautashuka hata dola moja. Kilo ni zilezile. Utaokoa reli kidogo na VAT kidogo, na utakuwa umeweka sahihi kwenye tamko la uongo, na benki yako ina rekodi kwamba ulituma zaidi. Kitu kinachoshusha ushuru wa mtumba ni kilo, na kilo zinapimwa, tena ziko kwenye hati ya meli ambayo hukuiandika wewe.

Chapakazi_Muheza

Nimekuelewa mkuu. Nilikuwa nauliza tu 😅

MamaHorohoro

Samahani naingilia. Mimi sina kontena. Nachukua mabelo mawili matatu Kongowea pale Mombasa napita nayo Horohoro. Nasikia kwa Afrika Mashariki mzigo mdogo chini ya dola 2,000 haulipi ushuru, kuna cheti kinajazwa palepale mpakani. Mbona mimi natozwa? Kenya si Jumuiya?

ForodhaniZamani

Mama, kile cheti rahisi ni cha uasili. Kinasema bidhaa hii imezalishwa ndani ya Jumuiya. Mahindi, maharage, sabuni ya kiwanda cha Mombasa, hizo sawa. Mtumba umetoka Ulaya au China, kupita Mombasa hakuugeuzi kuwa wa Kenya. Dola 2,000 ni ukomo wa kutumia cheti, siyo msamaha wa kila kitu. Utatozwa 6309 kama dada hapa.

MamaHorohoro

Kwa hiyo wananitoza kihalali. Mmenikata stimu.

Mwanasheria_wa_Baraza

Nimefuatilia. Naomba kuongeza jambo la VAT. Msingi wa VAT ni CIF kujumlisha ushuru wa forodha. 22,600 na 9,720 ni 32,320. 18% yake ni dola 5,817.60. Dada akipata ukurasa kamili ategemee namba hiyo.

KijanaWaRaskazone

Hapana, na reli na ile ya forodha zinaingia kwenye msingi kabla ya VAT. 32,775.64, VAT inakuwa 5,899 na ushee.

Mwanasheria_wa_Baraza

Weka kifungu.

KijanaWaRaskazone

Kifungu sina, nina tamko langu la gari.

ForodhaniZamani

Mnabishania dola 82. Kwenye tamko kila mstari wa kodi una safu tatu: msingi, kiwango, kiasi. Dada, ukipata picha nzima soma safu ya msingi ya mstari wa VAT. Ikiwa sawa na CIF pamoja na ushuru, mwanasheria kashinda. Ikizidi kwa 455.64, kijana kashinda. Vyovyote iwavyo, hakikisha kiasi ni 18% ya msingi uliochapwa pale.

Mimi kinachonisumbua ni kingine. Dada, kwenye orodha ya mzigo, ile inayoonyesha mabelo kwa aina, kuna nini hasa? Wote ni nguo?

BintiMgandini

Ngoja niifungue. Nguo za watoto, jinsi, mashati, sketi, mashuka na mapazia, viatu mabelo 60, mikoba mabelo 40. Mikoba ndiyo kachukua yote yule wa Lushoto.

ForodhaniZamani

Hapo sasa.

6309 si kapu la kila kilichotumika. Kitabu kinataja vinavyoingia: nguo na vikorokoro vyake, mablanketi, mashuka, mapazia, halafu viatu na kofia. Tena viwe vimeonyesha wazi kwamba vimevaliwa, na vifike kwa wingi au kwenye mabelo au magunia. Viatu vyako 60 viko salama. Mikoba haimo. Mkoba hata uwe umetumika miaka kumi unakwenda 4202, na huko kwa kiwango cha mwaka huu wa 2021 ushuru ni 25% ya thamani, hakuna cha kilo. Mazulia nayo yako nje, ila nyinyi hamna.

Mabelo 40 ya mikoba ni kilo 1,800. Kwa bei yenu FOB yake ni 1,440, na ukiigawia nauli na bima kwa uzito inapata kama 234, CIF 1,674. 25% yake ni dola 418.52. Mlivyowekewa 6309 mmelipa 720 kwa mikoba hiyohiyo. Mmezidisha dola 301, na VAT yake juu.

Kwa hiyo wakala hakuiba, ila alikuwa mvivu. Kaandika mstari mmoja palipotakiwa miwili.

BintiMgandini

Inarudi hiyo?

ForodhaniZamani

Kifungu cha 144 kinaruhusu kudai ushuru uliolipwa kimakosa, ndani ya miezi 12 tangu kulipa. Utahitaji tamko, invoisi, orodha ya mzigo, uthibitisho wa malipo, na barua inayoeleza kosa la msimbo. Kama wangekuwa wao ndio wametoa uamuzi na wewe huukubali, hapo ungetumia kifungu cha 229, siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya. Hapa tamko mmelijaza wenyewe kupitia wakala, ndiyo maana nakupeleka kwenye 144.

Lakini fikiri kabla ya kuandika. Mzigo umeshatoka. Watakuuliza mikoba iko wapi na nani aliiona. Kama kontena lilikaguliwa na ripoti ya ukaguzi ikataja mikoba, una kesi. Kama lilipita bila kufunguliwa, una karatasi ya muuzaji tu. La pili, ukishatoka kwenye kilo ukaingia kwenye asilimia, bei inaanza kuwa na maana. Mikoba ya senti 80 kwa kilo, bei ileile na mashuka? Mtu wa tathmini atacheka. Ikifika CIF ya dola 2,880 kwa kilo zile 1,800, yaani dola 1.60 kwa kilo, 25% yake ni 720, mmerudi palepale. Ikizidi hapo mmejichongea.

Mwanasheria_wa_Baraza

Binafsi ningedai. Haki ni haki hata iwe dola 300.

KijanaWaRaskazone

Nauli ya kwenda na kurudi ofisini itakula hiyo 300. Kontena lijalo ndio mwambie wakala aandike mistari miwili, na muuzaji atenganishe bei kwenye invoisi.

ForodhaniZamani

Hilo la muuzaji kutenganisha bei ndilo kubwa. Invoisi ya bei moja kwa kila kitu inamfunga mikono hata wakala mwenye bidii.

Na kuna la kugawana, naona wengi wameliruka. Ushuru wenu umehesabiwa kwa kilo. Belo la kilo 45 limelipa dola 18, liwe gredi A au la mashuka. Msigawane ushuru kwa bei mtakayouzia. Mwenye mabelo mengi alipe mengi, kwa 18 kila moja. Reli, ile ya forodha na VAT nazo zitatoka sawa kwa kila belo kwa sababu invoisi yenu ina bei moja.

BintiMgandini

Loh! Sisi tulikubaliana mwenye nguo za watoto alipe zaidi kwa sababu zinauzika. Ndiyo mimi.

Chapakazi_Muheza

Hahaha dada rudi kwenye kikao.

WaLushoto_Soni

Nimetumiwa huu uzi. Mimi ndiye mwenye mikoba. Kama mikoba ilitakiwa 25%, mabelo yangu 40 yalitakiwa kulipa 418, yaani kama dola 10 na nusu kila moja. Kwa nini nilipe 18?

BintiMgandini

Dada yangu, 18 ndiyo iliyolipwa kweli. Pesa imeshakwenda serikalini.

WaLushoto_Soni

Imekwenda kwa kosa la wakala mliyemchagua nyinyi wa Tanga. Mimi nilisema tumtumie yule wa Chumbageni.

MzeeKapu

Yaleyale. Mzigo wa shirika.

ForodhaniZamani

Dada wa Lushoto, hoja yako ina uzito ukirudishiwa. Kabla ya hapo gharama halisi ni 18. Mnaweza kuandikiana kwamba mkidai na ikirudi, ile 301 na VAT yake ni ya mwenye mikoba. Ila naye ndiye abebe usumbufu wa kudai.

WaLushoto_Soni

Na wakisema mikoba ni dola 3 kwa kilo, tofauti atalipa nani?

Mwanasheria_wa_Baraza

Aliyeomba.

WaLushoto_Soni

Basi ngoja nifikirie. Na hiyo ripoti ya ukaguzi anayo nani, kontena lilifunguliwa au halikufunguliwa?

BintiMgandini

Nimemuuliza wakala sasa hivi, pamoja na ukurasa kamili wa VAT. Kasema Jumatatu.